Somo: Kumuaga mwenzako anayestaafu kwa kumbukumbu moja

Mwenzenu kazini ameshatuma ujumbe wake wa kuaga. Chini yake watu wameanza kumwaga salamu: hongera, kila la heri, umekuwa mtu wa watu. Nawe unataka kuweka maneno yako, na unamfahamu vizuri kuliko wengi wa hao. Somo hili linahusu namna ya kuandika sentensi sita au saba zenye tukio moja mlilolipitia pamoja, ambazo yeye akizisoma atajua ni wewe hata kabla hajaona jina.

Mfano tutakaoufuata ni wa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto katika kituo cha afya, Tanzania, anayestaafu kwa umri. Anayeandika ni muuguzi mdogo aliyefundishwa naye kazi.

Hatua ya 1: Soma ujumbe wake mpaka mwisho

Angalia ametaja nini. Kama tayari amesimulia tukio fulani, usilirudie kana kwamba ni lako, tafuta jingine. Angalia ameaga kwa lugha gani, ya dini au ya kawaida, ili dua yako ifanane na yake. Angalia pia anaondoka vipi. Kwa watumishi wengi wa umma Tanzania, kustaafu kwa lazima ni miaka 60 na kwa hiari ni kuanzia 55. Aliyeondoka mapema huenda ana sababu zake, na hapa si mahali pa kumuuliza.

Hatua ya 2: Chagua tukio moja

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo usiharakishe. Wengi huanza na sifa kisha wanatafuta tukio la kuipamba. Fanya kinyume chake. Chukua karatasi ujiulize maswali matatu: siku ile alishika nini mkononi? Alisema neno gani? Na mimi nafanya nini tofauti mpaka leo kwa sababu ya siku ile? Tukio lenye majibu ya yote matatu ndilo la kuandika. Likikosa jibu la tatu, huwa hadithi nzuri isiyokwenda popote.

Muuguzi wetu aliandika matukio manne. Mgeni rasmi kutembelea kituo: mwenzake alikuwepo, lakini hakufanya lolote la pekee. Usiku wa zamu wenye kazi nyingi: zilikuwa nyingi mno, hakumbuki upi ni upi. Mama aliyejifungua njiani: tukio zito, lakini ni la yule mama, na watu wa kijiji wangemtambua mara moja. Likabaki la nne, asubuhi walipokuwa wanapanga chanjo kwenye kibebeo kabla ya kwenda huduma ya mkoba, yaani kuwafuata watu huko waliko nje ya kituo.

Wasiofanya kazi hiyo wajue jambo moja. Pakiti za barafu zikitoka kwenye friza haziwekwi kwenye kibebeo papo hapo. Zinaachwa nje kwanza mpaka barafu ianze kuyeyuka na maji yasikike ndani ukizitikisa. Ukiziweka zikiwa bado zimeganda kabisa, chanjo kama penta inaweza kuganda, na ikishaganda imeharibika hata ikiyeyuka tena. Siku ile dereva alikuwa anapiga honi, kijana akaanza kupanga, mkubwa wake akamzuia kwa kumtikisia pakiti sikioni. Pana kitu mkononi, pana neno lililosemwa, na pana tabia iliyobaki.

Hatua ya 3: Andika rasimu, kisha ukate

Rasimu ya kwanza ya wengi huwa hivi:

*"Sista, ulikuwa mchapakazi na mtu wa watu. Pengo lako halitazibika. Tutakukumbuka daima. Kila la heri."*

Futa jina uweke la mhasibu au la mlinzi: hakuna kinachobadilika. Hicho ndicho kipimo cha kwanza. Kosa la pili ni zito zaidi, tutalifikia hatua ya 4.

Rasimu ya pili huharibika kwa upande mwingine. Mwandishi ameshapata tukio, sasa anaeleza kila kitu: chanjo hukaa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, penta ina nini ndani, mwongozo unasemaje. Anayestaafu amefanya kazi hiyo maisha yake yote, hahitaji kufundishwa chini ya ujumbe wake mwenyewe. Acha tu kile kilichoonekana na kusikika siku ile. Msomaji wa nje ataelewa vya kutosha kutokana na tendo.

Mpangilio unaotoka vizuri ni salamu, mahali na wakati kwa sentensi moja, alichofanya, alichosema, kilichobaki kwako, asante na dua. Maneno 60 hadi 90 yanatosha. Hivi ndivyo yalivyokaa baada ya kukatwa:

*"Shikamoo Sista. Nimesoma ujumbe wako nikakumbuka asubuhi ya kwanza uliponichukua kwenye huduma ya mkoba. Dereva alikuwa anapiga honi nje, nami nimeshaanza kupanga barafu kwenye kibebeo. Ukachukua pakiti moja, ukaitikisa karibu na sikio langu, ukasema, 'Haijalia bado. Dereva atasubiri.' Mpaka leo sipangi chanjo kabla sijatikisa pakiti, na wanafunzi wanaokuja kwetu nawafundisha hivyo hivyo. Asante sana, Sista. Mungu akujalie afya njema na mapumziko ya raha."*

Tazama kwamba hakuna sifa hata moja iliyotajwa. Hakuna "makini" wala "mvumilivu". "Dereva atasubiri" limeshabeba yote hayo. Nukuu ya namna hiyo iwe fupi, na iwe maneno unayoyakumbuka kweli. Kama huyakumbuki, eleza alichofanya bila kumtilia maneno mdomoni, maana yeye atajua.

Hatua ya 4: Kagua nyakati, ondoa harufu ya tanzia

Sehemu kubwa ya maneno yetu ya kuagana tumeyaazima msibani bila kuangalia. "Pengo lako halitazibika", "tutakukumbuka daima", "mbele yako nyuma yetu", "pumzika kwa amani": mtu aliye hai, anayepanga kulima au kulea wajukuu, akisoma hayo anajiona kama anasomewa wasifu wa marehemu.

Nyakati za vitenzi nazo hufanya hivyo hivyo kimyakimya. "Ulikuwa muuguzi hodari" inamfungia mlango. "Umekuwa mwalimu wangu" inauacha wazi. Kanuni rahisi: -li- na -ka- ziwe kwa tukio la siku ile tu, -me- kwa alivyo kwako, wakati uliopo kwa unachoendelea kukifanya. Katika mfano wetu kuna "alikuwa anapiga", "ukachukua", "ukasema", kisha ghafla "mpaka leo sipangi". Mruko huo ndio unaoonyesha kwamba kazi yake bado inaendelea.

Hatua ya 5: Soma tena kwa macho ya watu wengine

Mgonjwa, mwanafunzi au mteja asitambulike, hata kwa kijiji na mwezi. Usiseme lolote kuhusu kiinua mgongo wala mafao, hata kwa utani wa "sasa utatujengea": matapeli huwawinda wastaafu wapya, na sentensi yako isiwe ya kuwaelekeza. Usitaje utaratibu uliorukwa au dozi zilizoharibika. Yeye anaondoka, wengine wanabaki ofisini. Mwaka usiokuwa na hakika nao, uache. Na kama kuna shaka ndogo kwamba siku ile alikuwa mwenzake mwingine, mpigie simu mtu aliyekuwepo kabla ya kutuma. Kumpa mtu kumbukumbu ya mwingine ni vigumu kurekebisha mbele ya kadamnasi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Mwanza: Mimi ndiye mkubwa wake kazini, lakini yeye kanizidi umri. Nianze na shikamoo?

*Jibu:* Ndiyo, umri ndio unaoamua, si cheo. Ila jihadhari na sauti ya barua ya utumishi: "umetekeleza majukumu yako kwa ufanisi" ni tathmini. Mkubwa wa kazi huandika vizuri zaidi akitaja siku ambayo yeye ndiye alijifunza, au alipobadilisha uamuzi kwa sababu ya neno la anayestaafu.

Mwanachama, Nairobi: Huku kwetu shikamoo haitumiki sana. Na anayestaafu ni mwalimu.

*Jibu:* "Habari yako, Mwalimu" inatosha. Ualimu hauishi kwa kustaafu, kwa hiyo usiandike "aliyekuwa mwalimu". Kama kumbukumbu ni ya darasani, chagua kitu alichokifanya ubaoni au kwenye daftari lako la maandalio, si matokeo ya mtihani. Matokeo ni ya wanafunzi.

Mwanachama, Tanga: Kumbukumbu yangu inachekesha sana. Je, naruhusiwa?

*Jibu:* Angalia anayechekwa ni nani. Kama yeye mwenyewe huisimulia hadithi hiyo mbele za watu, andika. Kama huwa mnaicheka yeye akiwa hayupo, iache. Ujumbe wa kuaga husomwa na watoto wake, wakwe zake na watu wa msikitini au kanisani kwake.

Mwanachama, Dodoma: Tuliwahi kukorofishana, na wote ofisini wanajua. Nikae kimya?

*Jibu:* Kimya chako kitaonekana, kwa hiyo andika, lakini fupi. Chukua tukio dogo la kazi lisilogusa ugomvi, na utaje jambo moja ulilolipata kwake. Usiombe msamaha pale hadharani, maana unamlazimisha kukujibu mbele ya watu. Hilo lipeleke kwa simu au kwa miguu.

Mwanachama, Morogoro: Idara yetu inataka kuandika salamu moja kwa niaba ya wote.

*Jibu:* Salamu ya pamoja haina kumbukumbu, kwa sababu idara haikuwepo siku ile. Mtu ndiye aliyekuwepo. Hiyo iwe ya heshima, sentensi mbili, kisha kila mwenye tukio lake aandike kwa jina lake. Mkigongana kwenye tukio moja, wa pili aandike upande alioushuhudia yeye. Aliyekuwa garini na dereva ana la kusema tofauti na aliyekuwa anapanga barafu.

Mwanachama, Kigoma: Nimefanya naye kazi miezi michache tu. Sina tukio.

*Jibu:* Usibuni. Tafuta alama ya kazi yake unayoikuta kila siku. Kwenye kliniki, kwa mfano, joto la friji ya chanjo huandikwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Kama mwandiko wake umejaa kwenye fomu hizo bila pengo, sema hivyo: "Nimekuja juzi tu, lakini fomu za friji zenye mwandiko wako ndizo nilizojifunzia kujaza." Ni kweli, ni mahususi, na hakuna mwingine atakayeandika hivyo.

Mwanachama, Mombasa: Akinijibu, niendelee?

*Jibu:* Mara moja tu. Akisema "Marahaba mwanangu, unakumbuka hayo!", jibu kwa sentensi moja ya upendo, mengine myaongee pembeni. Pale ni pake, na bado kuna watu kumi nyuma yako wanaosubiri kumuaga.