Sola ya kukodi juu ya paa: soma kifungu cha kuuza nyumba kabla hujatia sahihi

Salaam aleikum jamaa. Wiki hii nimeulizwa mara nne swali lile lile: sola ya kukodi ina faida, na nikiuza nyumba itakuwaje? Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Nazungumzia mkataba wa aina moja tu. Kampuni inaleta paneli, inveta na betri, inafunga juu ya paa lako, mtambo unabaki mali yake, nawe unalipa kodi ya kila mwezi kwa miaka 10, 15 au 20. Si kununua kwa mkopo, wala si ule mkataba wa kulipia yuniti unazotumia.

Hatua ya 1. Kusanya risiti za tokeni za miezi 12, ujue unatumia yuniti ngapi na kila yuniti inakugharimu shilingi ngapi. Mwezi mmoja hautoshi: Malindi ya Desemba na Malindi ya Mei ni miji miwili, na kodi ya mtambo utailipa hata vyumba vikiwa vitupu.

Hatua ya 2. Fundi asiyetoka kwenye kampuni hiyo apande akague paa. Huku pwani, vishikizo vya chuma cha kawaida huliwa na chumvi; dai alumini na skrubu zisizoshika kutu.

Hatua ya 3. Piga hesabu ya nyongeza ya kila mwaka. Mikataba mingi ina mstari mdogo unaosema kodi itapanda kwa asilimia fulani kila mwaka. Asilimia tano inasikika ndogo, lakini inapanda juu ya ile iliyokwisha kupanda. Chukua mkataba wetu sisi: miaka 15, kodi ya kuanzia Sh 18,000 kwa mwezi, nyongeza asilimia 5. Mwaka wa 15 kodi inafika karibu Sh 35,600. Ingekuwa asilimia 3, ingeishia kama Sh 27,200.

Sasa igawe kwa yuniti. Mtambo wetu ulitupa kama yuniti 1,200 kwa mwezi, yaani Sh 15 kwa yuniti mwaka wa kwanza, wakati risiti zetu za stima zilitoka Sh 27. Furaha tupu. Lakini paneli nazo huchoka, kwa makisio ya kawaida nusu asilimia kwa mwaka, kwa hiyo unalipa zaidi kwa yuniti chache zaidi. Stima ikibaki pale pale, mwaka wa 12 sola inaipita kwa bei, na mwaka wa mwisho inakaribia Sh 32.

Muuzaji atakwambia stima haitabaki pale pale, itapanda kila mwaka. Mwambie akumbuke: Januari 2022 bei ya stima ilishushwa kwa asilimia 15, kisha Aprili 2023 ikapandishwa. Inapanda na kushuka. Nyongeza ya mkataba wako inajua kupanda tu. Omba kodi isiyopanda hata kama inaanza juu kidogo, au nyongeza isiyozidi asilimia 2, na uandikiwe jedwali la kodi ya kila mwaka kwa shilingi.

Hatua ya 4. Kifungu cha kuuza nyumba. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo nivumilieni.

Nyumba ilikuwa ya marehemu baba, hapa Malindi, na tulikuwa tukipangisha wageni. Mwaka wa tano wa mkataba ndugu tukakubaliana tuiuze tugawane. Mimi ndiye niliyesimamia. Mnunuzi akapatikana, akalipa asilimia 10, tukapeana siku 90 za kumaliza. Kwenye makubaliano ya kuuza niliacha maneno ya kawaida: nyumba inauzwa "pamoja na vyote vilivyofungwa humo". Paneli zilikuwa zimefungwa kwa skrubu juu ya paa. Kwa mstari ule niliuza mali isiyokuwa yetu.

Zilibaki wiki nne wakili wa mnunuzi alipouliza paneli ni za nani. Nikaenda kuusoma mkataba wa kodi kwa mara ya kwanza tangu baba autie sahihi. Ulisema mambo matatu. Kampuni ipewe taarifa siku 60 kabla ya kuuza, na sisi tulishachelewa. Mnunuzi anaweza kuurithi mkataba, lakini kampuni impime kwanza kama ana uwezo wa kulipa. Asipotaka au asipokubaliwa, mwenye kuuza alipe kodi zote zilizobaki, zikipunguzwa kwa asilimia 6 kwa mwaka kwa kuwa zinalipwa mapema.

Mnunuzi hakuutaka. Kodi za miaka 10 iliyobaki zilikuwa kama Sh 3,467,000, na baada ya punguzo wakatuandikia karibu Sh 2,490,000. Fundi tuliyemwita alisema mtambo mpya wa ukubwa ule ungetoka milioni moja na laki mbili. Hapo ndipo nyongeza inapokung'ata mara ya pili: bei ya kutoka inahesabiwa kwa kodi za miaka ya mbele, zile kubwa, si kwa thamani ya paneli zilizotumika miaka mitano. Tukasema basi waje wang'oe. Jibu: kung'oa ni kwa gharama yetu, na kodi bado tunadaiwa.

Tulisihi hadi wakashuka kwenye milioni 2.1, zikakatwa kwenye pesa za nyumba kabla hatujagawana. Dada zangu walikuwa wamekwisha kupangia mafungu yao. Nililazimika kukaa nao mmoja mmoja kuwaeleza, na sitaki mtu mwingine apitie hayo.

Shika hili vizuri: mkataba wa kodi unakufuata wewe uliyetia sahihi, haufuati nyumba. Mnunuzi hafungwi nao mpaka aukubali kwa maandishi. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi dai haya yaandikwe: bei ya kununua mtambo kila mwaka, kwa shilingi, isizidi thamani yake ya soko kwa wakati huo, kampuni imjibu mnunuzi ndani ya siku 14 na isimkatae bila sababu, na wakija kung'oa, wao ndio wazibe matundu ya paa.

Ukifika wakati wa kuuza, itaje sola kwenye tangazo la kwanza, na kwenye makubaliano andika kwamba paneli, inveta na betri si sehemu ya mauzo. Mnunuzi akiurithi mkataba, karatasi itiwe sahihi na watu watatu: wewe, yeye na kampuni, na iseme wazi kwamba wewe umeachiliwa. Bila neno hilo, yeye akiacha kulipa watakurudia wewe.

Hatua ya 5. Nyumba ikiwa na deni la benki, pata kibali cha benki kwanza. Kisha tia sahihi.

MASWALI

Kijana wa Maweni: Kwa hiyo nikikodi nitalipa ngapi kwa mwezi?

Mwandishi: Hujasema unatumia yuniti ngapi. Hatua ya 1.

Biashara Pwani: Unawatisha watu bure. Mimi nauza hizi sola, na mteja wetu akiuza nyumba tunahamisha mkataba kwa mnunuzi bila tabu yoyote.

Mwandishi: Sijasema kila kampuni ni sawa. Tuwekee hapa kifungu chenu kinachosema mnunuzi akikataa inakuwaje. Mnunuzi akikubali hakuna aliyewahi kuwa na tabu.

Biashara Pwani: Nitakitafuta.

Bi Mwanaisha: Kaka, nyumba yangu ni ile ya kwetu huku, ukuta na paa ni vyangu lakini ardhi ni ya mtu, namlipa kodi ya ardhi. Kampuni imekuja kunishawishi. Nani anatia sahihi?

Mwandishi: Dada, umeuliza la maana. Sisi watu wa pwani tumezoea nyumba bila ardhi, kwa hiyo fikiria hivi: ardhi ya mmoja, nyumba ya wa pili, na sasa paneli za wa tatu. Paa ni lako, sahihi ni yako. Hatari ni muda. Mwenye ardhi akiitaka ardhi yake katikati ya miaka 15, nyumba itakutoka lakini deni la paneli litabaki nawe. Mpelekee mwenye ardhi barua, akubali kwa maandishi kwamba paneli si zake na kwamba kampuni itaruhusiwa kuingia kuzitoa. Na usichukue mkataba mrefu kuliko muda uliobaki nao kwenye ardhi. Kama unalipa mwaka kwa mwaka bila karatasi, kwa kweli nunua mtambo mdogo wako mwenyewe, siku ya kuhama uushushe uondoke nao.

Bi Mwanaisha: Allah akujazi. Hilo la mtambo mdogo sikuwa nimelifikiria.

Mtafuta Nyumba: Mimi niko upande wa pili, nanunua. Nitajuaje paneli nilizoziona ni za mwenye nyumba? Yeye anasema ni zake.

Mwandishi: Sachi, yaani kutafuta kwenye sajili ya ardhi, peke yake haitakuonyesha, sisi yetu ilikuwa safi kabisa. Kuna sajili nyingine, ya dhamana juu ya mali zinazohamishika, iliyoletwa na sheria ya mwaka 2017. Kampuni makini huandikisha mtambo wake humo. Wakili wako atafute kwa namba ya kitambulisho cha muuzaji. Halafu omba risiti ya kununulia paneli. Mwenye kununua ana risiti, mwenye kukodi ana ankara za kila mwezi. Na hata sajili ikiwa safi, muuzaji aandike kwenye makubaliano kwamba hakuna anayemdai juu ya mtambo huo.

Mtafuta Nyumba: Na nikikuta umekodiwa, nikimbie?

Mwandishi: Hapana. Omba jedwali la kodi, jumlisha miaka iliyobaki, kisha zungumza bei ya nyumba upya. Kodi isiyopanda inaweza kuwa neema kwako.

Mwana wa Mkomani: Huku Lamu mji wa kale vipi? Paa letu ni bapa, la boriti na chokaa.

Mwandishi: Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, kwa hiyo anzia ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa kabla kampuni haijagusa chochote. Na usikubali kutobolewa chokaa, tundu moja likivuja boriti zinaoza kimyakimya. Taka fremu ya kukalia juu, yenye uzito wa kuizuia isipeperushwe na upepo, na fundi wa nyumba za kale aseme boriti zitabeba au hazitabeba.

Kijana wa Maweni: Nimehesabu, ni yuniti 310 kwa mwezi, nalipa kama 8,400. Samahani kwa swali la kwanza.

Mwandishi: Usijali ndugu yangu. Ni kama Sh 27 kwa yuniti. Sasa waulize kampuni yuniti ngapi mtambo utatoa mchana, na ngapi kati ya hizo utazitumia kweli. Zile usizozitumia unazilipia vilevile. Njoo na majibu tupige hesabu pamoja.

Mama Casuarina: Samahani natoka nje ya mada. Za kwangu zimeshika ukungu mweupe wa chumvi. Naosha na sabuni?

Mwandishi: Maji baridi ya bomba na kitambaa laini, alfajiri kabla kioo hakijapata moto. Maji ya kisima chenye chumvi usitumie, yatakuachia weupe ule ule. Kama ni za kukodi, angalia mkataba kwanza, huenda kuosha ni kazi yao.