Somo: Kuzitetea mbinu za Sura ya Tatu kwa kuanzia kwenye swali la utafiti

Sura ya Tatu nyingi ninazozisoma zina kasoro moja inayojirudia. Mwandishi anaeleza mahojiano ni nini, dodoso ni nini na sampuli ni nini, kisha anamaliza kwa kusema kwamba mbinu hizo zilitumika kwa sababu zinampa mtafiti taarifa za kina. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatetei chochote, kwa kuwa yanaweza kuhamishiwa kwenye tasnifu ya mwenzake inayohusu shule za msingi au bei ya korosho bila kubadilisha hata neno. Msomaji anayepima tasnifu anataka kujua kwa nini swali hili, na si lingine, lilidai mbinu hii.

Nitalieleza jambo hili kwa mfano mmoja ambao nimeutunga kwa ajili ya somo hili, nikauweka Mlingotini, kijiji cha wilaya yetu ya Bagamoyo ambako wanawake wamekuwa wakilima mwani. Swali letu ni hili: Kwa nini baadhi ya wanawake wa Mlingotini waliacha kulima mwani, ilhali wenzao wa kijiji hicho hicho wanaendelea?

Hatua ya kwanza: Lisome swali neno kwa neno

Kabla ya kutaja mbinu yoyote, jiulize jibu la swali lako litakuwa na sura gani. "Kwa nini" inadai sababu, na sababu hazipatikani kwa kuhesabu vichwa peke yake. "Waliacha" inaonyesha kwamba tukio limekwisha kupita, kwa hiyo tutategemea kumbukumbu za watu na madaftari ya zamani. "Baadhi" na "ilhali wenzao" ndiyo maneno yanayosahaulika zaidi, ingawa ndiyo yanayobeba uzito wa swali zima, kwa sababu yanadai ulinganisho kati ya makundi mawili: walioacha na wanaoendelea.

Andika mahitaji hayo kwenye karatasi: sababu, wakati uliopita, makundi mawili. Kila uamuzi wa Sura ya Tatu lazima ushike angalau moja kati ya hayo matatu, na uamuzi usioshika lolote ama hauhitajiki, ama unajibu swali ambalo hukuliuliza.

Hatua ya pili: Tafuta ni nani mwenye ushahidi, hata kama ni mgumu kumpata

Hapa ndipo tafiti nyingi za vijijini zinapoharibika. Mtafiti anafika na barua yake ya kibali, anapokelewa ofisi ya kijiji, anakutanishwa na mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, naye anampa orodha ya wanachama. Mtafiti anachagua majina kutoka katika orodha ile na kuanza kazi. Hata hivyo, orodha ya wanachama wa leo ina wanaoendelea tu. Walioacha wameshafutwa, wengine wanachuuza samaki mjini na wengine wamehama. Mtafiti huyo atarudi na mahojiano mazuri kabisa ya watu ambao swali lake haliwahusu hata nusu.

Swali letu linatulazimu kuwatafuta walioacha kwa njia nyingine. Tunaweza kuomba madaftari ya zamani ya kikundi na kuyalinganisha na orodha ya sasa, kisha kumwomba kila tunayempata atutajie mwingine. Njia hii ya kutajana ina hatari yake: mtu humtaja ndugu au jirani yake, na hatimaye ukajikuta umezunguka ndani ya ukoo mmoja. Dawa yake ni kuanzia sehemu kadhaa zisizohusiana, kwa mfano daftari la kikundi, mnunuzi wa mwani na balozi wa kitongoji, kisha kueleza wazi katika sura ni mtoa taarifa yupi alipatikana kwa njia ipi.

Hatua ya tatu: Chagua namna ya kuuliza, na utaje uliyoikataa

Utetezi wa mbinu haukamiliki mpaka mbadala wake umetajwa na sababu ya kuuacha imeelezwa. Katika mfano wetu, dodoso lenye majibu ya kuchagua lingekuwa rahisi, lakini lingetaka mtafiti azijue sababu zote kabla ya kwenda, na hizo ndizo anazozitafuta. Majadiliano ya kikundi yangempa sauti nyingi kwa siku moja, lakini mwanamke aliyeacha kwa sababu ya deni au ugomvi na kiongozi hatalisema mbele ya wenzake. Kwa hiyo yanabaki mahojiano ya mtu mmoja mmoja.

Mahojiano nayo yana udhaifu wake. Ukimuuliza mtu moja kwa moja kwa nini aliacha jambo miaka kadhaa iliyopita, atakupa sababu moja fupi, iliyokwisha kulainishwa na wakati. Kwa kuwa swali letu ni la wakati uliopita, ni bora tuanze na mfululizo wa matukio: alianza lini, alikuwa na kamba ngapi, zilipungua lini, nini kilitangulia na nini kilifuata. Miaka ikimchanganya, tumsaidie kwa alama anazozikumbuka, kama kuzaliwa kwa mtoto au Uchaguzi Mkuu wa 2015 na ule wa 2020. Sababu tuiulize mwisho, mfululizo ukiwa mbele yetu sote wawili.

Ratiba pia inahitaji kutetewa. Mashamba ya vigingi na kamba hushughulikiwa bahari inapokupwa sana, wakati wa bamvua, na mkulima aliye shambani hana nafasi ya mazungumzo marefu. Tuwahoji wanaoendelea siku za maji mafu, na siku za bamvua tuzitumie kushuhudia kazi yenyewe.

Hatua ya nne: Uchambuzi ufuate ulinganisho

Watahiniwa wengi huandika kwamba data zilichambuliwa kwa dhamira, wakaishia hapo. Swali letu linadai zaidi ya kuorodhesha dhamira. Tuseme walioacha wote wamelalamikia bei ndogo. Mtafiti asiye makini ataandika kwamba bei ndogo ndiyo iliyowaondoa. Lakini wanaoendelea nao wakilalamikia bei ile ile, bei peke yake haiwezi kueleza kwa nini hawa waliondoka na wale wakabaki. Itabidi tutafute kinachotofautiana: pengine wanaoendelea wana kipato kingine cha kuwavusha mwani unapokufa, au wana mtu wa kusaidia kufunga kamba. Kwa hiyo sura iseme wazi kwamba kila sababu iliyotajwa itapimwa katika makundi yote mawili kabla ya kukubaliwa kuwa maelezo.

Hatua ya tano: Andika aya yenyewe

Aya dhaifu huwa hivi: "Utafiti huu ulitumia mahojiano kwa sababu mahojiano humwezesha mtafiti kupata taarifa za kina na kuuliza maswali ya ziada."

Aya inayojitetea inaweza kuwa hivi: "Kwa kuwa swali la utafiti linauliza kwa nini baadhi ya wanawake waliacha kilimo cha mwani ilhali wengine wanaendelea, data zilikusanywa kwa mahojiano ya mtu mmoja mmoja kutoka makundi yote mawili. Majadiliano ya kikundi hayakutumika, kwa sababu baadhi ya sababu za kuacha, yakiwemo madeni na migogoro ya uongozi, zilitarajiwa kuwa vigumu kuelezwa mbele ya wanakikundi wengine. Uamuzi huu una gharama: utafiti hauwezi kusema ni asilimia ngapi ya wakulima waliacha kwa kila sababu."

Sentensi ya mwisho msiiogope. Kutaja mpaka wa mbinu mahali pale pale inapoteuliwa kunaonyesha kwamba mwandishi anajua swali lake linaishia wapi.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Kaole: Shikamoo mwalimu. Msimamizi wangu anataka nitumie fomula ya Yamane. Wakulima wangu ni 200 na nimepata sampuli ya 134. Je, niwahoji wote kwa kina?

Jibu: Marahaba. Hesabu yako ni sahihi:

```
n = N / (1 + N × e²)
n = 200 / (1 + 200 × 0.05²) = 133.3, yaani 134
```

Tazama hata hivyo fomula hiyo inajibu nini. Inakadiria ukubwa wa sampuli nasibu unaohitajika ili kukisia uwiano fulani katika jamii, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 na kosa lisilozidi asilimia 5. Kama moja ya maswali yako mahususi ni "wakulima wangapi wanafikiria kuacha", itumie kwa swali hilo, pamoja na dodoso fupi. Kwa swali la "kwa nini" haina kazi, kwa sababu hukisii uwiano. Mwoneshe msimamizi wako jedwali lenye kila swali mahususi, data inayohitajika na njia ya kuwapata wahojiwa. Mara nyingi mazungumzo huwa mepesi yakiwa na jedwali mezani.

Swali kutoka Chumbageni, Tanga: Mimi nimeshakusanya data kwa dodoso, na swali langu linaanza na "kwa nini". Naweza kuandika utetezi sasa?

Jibu: Ndugu yangu, usibuni sababu ambayo hukuwa nayo ulipochagua. Una njia mbili za haki. Ya kwanza ni kurudi kwa wahojiwa wachache, waliochaguliwa kutokana na majibu yao kwenye dodoso, uwahoji kwa kina. Ya pili, kwa idhini ya msimamizi, ni kulirekebisha swali liwe "ni mambo gani yanahusiana na kuacha", ambalo dodoso linaweza kulijibu iwapo lilijazwa na makundi yote mawili. Kumbuka kwamba uhusiano si sababu, na hitimisho lako liheshimu tofauti hiyo.

Swali kutoka Pangani: Je, ni lazima kunukuu vitabu vya mbinu za utafiti katika kila kifungu?

Jibu: Hapana. Nukuu pale unapofuata utaratibu wa mtu. Kitabu kinaweza kuthibitisha kwamba mbinu inakubalika. Kwamba inalifaa swali lako utalithibitisha wewe.

Swali kutoka Dunda: Jopo la pendekezo linataka idadi kamili ya wahojiwa, nami nimeandika kwamba nitaacha taarifa mpya zitakapokoma. Nifanyeje, mwalimu?

Jibu: Jopo lina haki, kwa kuwa bajeti na kibali vinahitaji idadi. Taja makisio kwa kila kundi, kwa mfano kati ya 10 na 15, kisha andika kanuni ya kusimama inayoweza kukaguliwa: kwamba utaacha iwapo mahojiano matatu mfululizo katika kundi hayakuongeza sababu mpya. Kanuni hiyo itumike kwa kila kundi peke yake. Walioacha wanaweza kuwa na sababu nyingi zaidi kuliko wanaoendelea, na ukiyahesabu makundi kwa pamoja utasimama mapema upande ule ambao swali lako linauhitaji zaidi. Katika tasnifu ya mwisho, eleza ulisimama kwenye mahojiano ya ngapi kwa kila kundi.