Kukumbushia ahadi ya mchango: kijisura cha tabasamu kikae wapi

Mwongozo huu ni wa waweka hazina wa kamati za harusi, sisi tunaolala na simu mkononi tangu kadi za mchango zinapotoka hadi mpishi anapolipwa. Tunadai pesa zilizoahidiwa kwa mdomo tu, na tunawakatalia watu tutakaokutana nao tena msibani na kwenye vipaimara. Kwa woga, kila meseji tunaimalizia kwa 🙂. Mara nyingi hapo ndipo tunapoharibu.

Hatua ya 1: Andika bila sura yoyote

Weka salamu, kiasi, tarehe na namba ya kulipia, kisha isome kama wewe ndiye unayedaiwa. Ikikukera, badili maneno. "Ahadi yako bado, lipa leo" haiponi kwa tabasamu. Inazidi kuuma, maana msomaji anaona ulijua ni kali na bado ukaituma.

Hatua ya 2: Tabasamu lifuate jambo jema

Kijisura husomwa pamoja na sentensi iliyokitangulia. Ukiandika "Bado hujamalizia laki yako 🙂", unatabasamia deni, na mwenzio anasikia kejeli. Kihamishe:

"Habari za jioni kaka, pole na kazi. Asante kwa kufika kikaoni Jumapili 😊 Nakumbushia ahadi yako ya 100,000. Tumepokea 40,000, imebaki 60,000. Mpishi tunamlipa Ijumaa. Namba ya kulipia ni ileile iliyo kwenye kadi."

Tabasamu limekaa kwenye shukrani, na hesabu imebaki kavu. Angalia pia kwamba alichotoa kimetajwa kabla ya kilichobaki. Hilo peke yake hulainisha kuliko emoji kumi.

Hatua ya 3: Chagua sura

🙂 niliiacha kabisa. Vijana wengi huisoma kama tabasamu la mtu aliyekasirika. 😊 yenye mashavu mekundu ina joto zaidi. 😅 inafaa unapoomba, kwa sababu inaonyesha nawe unaona haya. 😂 isikaribie pesa, na 🙏 ikipangwa mitatu mitatu inageuka kuomboleza.

Hatua ya 4: Kukataa

Binamu amechangia 50,000, kiwango cha kadi ya mtu mmoja, sasa anataka ya watu wawili. Ukimjibu "Haiwezekani 😅", umemfungulia mlango wa kubembeleza, kwa kuwa sura ya haya inasema bado unasitasita. Kataa kwa sentensi kavu yenye sababu, kisha tabasamia unachompa: "Binamu, kadi ya wawili haitawezekana, idadi imeshapelekwa ukumbini. Yako ya mtu mmoja ipo tayari, nitakuletea mwenyewe 😊"

Hatua ya 5: Jua pa kuliacha

Mzee unayemwamkia shikamoo mpigie simu. Aliyefiwa au anayeuguza usimguse kwa sura wala kwa deni. Kwenye kundi, orodha ya majina ya wasiomaliza ikifuatwa na tabasamu ni kuumbua watu hadharani. Kumbusho la pili nalo liende bila sura: la kwanza lilikuwa la upole, la pili ni la tarehe.

Mtu usiyemjua, kama mwenye ukumbi unayemwandikia mara ya kwanza, mwandikie kavu. Utafiti wa Ella Glikson na wenzake wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba tabasamu kwenye barua pepe ya kwanza ya kikazi halikumfanya mwandishi aonekane mchangamfu zaidi, bali lilimpunguzia sifa ya kuijua kazi.

Tena kuna meseji za kawaida zinazotumwa kwa mkupuo. Meseji isiyo na emoji hubeba herufi 160. Ukiweka emoji moja tu, nafasi inashuka hadi 70. Tangazo la herufi 150 linakatwa vipande vitatu na unatozwa vitatu, kwa kila mwalikwa. Simu nyingine za kitochi zitaonyesha kisanduku kitupu. Ukilazimika, andika `:-)`, alama za kawaida zisizoongeza gharama.

Ikishaharibika

Utaijua kwa jibu. Aliyekuwa akikuita "dada" anaandika "Sawa mweka hazina." Au anakurudishia 🙂 ileile, peke yake. Au tiki zinakuwa za bluu halafu kimya, huku kwenye kundi anachangia mada nyingine.

Usitume sura nyingine wala kusema ulikuwa unatania. Piga simu jioni, msalimie, ulizia watu wa nyumbani, mwombe radhi kwa jinsi meseji ilivyosomeka. Deni alitaje mwenyewe, na kwa kawaida hulitaja. Akisema hali ni ngumu, muulize ahadi ipunguzwe iwe kiasi gani, andika kiasi kipya daftarini, na ukimkumbusha tena utaje hicho tu.