Somo: Kimeng'enya cha mate, wanga na iodini (hatua kwa hatua, pamoja na maswali)

Jaribio hili lafanyika karibu kila shule, na karibu kila darasa hutoka na jibu moja au mawili ya uongo. Mara nyingi kosa si la kimeng'enya, ni la iodini. Kwa hiyo tutalifanya taratibu, tukiitazama iodini kwa jicho kali.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia bila yenyewe kutumika ikaisha. Cha mate huitwa amilesi, nacho hukata wanga. Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi. Amilesi ina mfereji mdogo kwenye umbo lake, kipande cha mnyororo huo kinaingia humo, kiungo kinakatwa, vipande vinatoka, na mfereji unabaki wazi kupokea kipande kingine. Ndiyo maana tone dogo la mate linamaliza wanga mwingi.

Mfano wa kufuli na ufunguo, ulioletwa na Emil Fischer mwaka 1894, unasema hivi: kufuli ni kimeng'enya, ufunguo ni kile kinachokatwa, na umbo lisipolingana hakuna kazi. Tazama pamba. Nayo ni minyororo ya glukosi ile ile, ila viungo vyake vimegeukia upande mwingine. Tafuna uzi wa pamba kutwa nzima, mate hayatatoa hata chembe ya sukari. Ufunguo ni wa chuma kile kile, meno ndiyo tofauti.

Hatua ya 1: wanga. Koroga gramu 1 ya unga laini wa muhogo (chini kidogo ya nusu kijiko cha chai) katika maji baridi kidogo, kisha mimina kwenye mililita 100 za maji yanayochemka. Chemsha dakika 2 huku ukikoroga, chuja kwa kitambaa, uache upoe kabisa. Ukizidisha unga utapata uji, na utakesha ukingoja wanga uishe.

Hatua ya 2: mate. Sukutua kinywa kwanza, mabaki ya chakula yatoke. Kisha shika mililita 10 za maji safi ya vuguvugu mdomoni kwa dakika 1 ukitafunatafuna, uteme kwenye glasi. Kila mtu atumie mate yake mwenyewe, na vyombo vioshwe kwa maji ya klorini baadaye.

Hatua ya 3: iodini. Izimue kwa maji hadi ifanane na chai ya rangi iliyo nyepesi. Panga matone yake kwenye kigae cheupe, moja moja, yasigusane.

Hatua ya 4: jotoridi. Andaa testityubu tatu, kila moja na mililita 5 za wanga, na pembeni yake mililita 1 ya mate katika testityubu nyingine. Jozi A ikae kwenye barafu. Jozi B ikae kwenye bakuli la maji ya nyuzi 37, na kipimajoto kisitoke humo. Mate ya jozi C yachemshwe dakika 5 ndani ya maji yanayotokota, yapozwe, kisha yawekwe pamoja na wanga wake kwenye nyuzi 37. Ngoja dakika 5 kabla ya kuchanganya. Wengi huruka hapa: wanamimina mate ya vuguvugu kwenye wanga wa barafu, halafu wanashangaa A imefanya kazi.

Changanya, washa saa, na kila dakika 1 chukua tone kwa dropa safi ulidondoshe kwenye tone la iodini. Mwanzoni doa litakuwa la buluu iliyokoza karibu na nyeusi, kwa kuwa iodini hugeuka hivyo inapokutana na wanga. Katika B litapita kwenye zambarau, kisha hudhurungi yenye wekundu, kwa sababu minyororo inazidi kuwa mifupi, na mwisho iodini itabaki na rangi yake. Andika dakika hiyo. Tuseme B imechukua dakika 4, na nyingine uliyoiweka kwenye nyuzi 20 imechukua 12. Kasi ni 1 gawanya kwa muda, yaani 0.25 na 0.083: B ina kasi mara tatu.

A na C zitabaki nyeusi, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Basi itoe A kwenye barafu, iweke kwenye nyuzi 37 na uendelee kupima. A itaamka, C haitaamka. Baridi hupunguza mwendo tu, hivyo wanga na amilesi hukutana mara chache. Kuchemsha hukata vifungo dhaifu vinavyoishikilia protini katika mkunjo wake, na mfereji unapotea. Katika majibu yenu msiandike "kimeng'enya kimekufa". Hakikuwa kiumbe hai. Andikeni kwamba umbo lake limeharibika.

Hatua ya 5: utindikali. Sasa zote zikae nyuzi 37. Kwa wanga wa kwanza ongeza mililita 1 ya siki (pH takriban 3), kwa wa pili maji (pH karibu na 7), kwa wa tatu maji yenye bekingi soda kidogo (pH kama 8). Hakikisha kwa karatasi ya pH, ndipo utie mate. Wa maji utamaliza kwanza, wa soda utachelewa, wa siki utabaki mweusi. Tindikali hubadilisha chaji za umeme ndani ya mfereji, nazo ndizo zinazoushika wanga na kuukata. Ikizidi, mkunjo mzima unaachia.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Sisi tulikosa siki tukatumia limau. Doa halikuwa jeusi hata dakika ya sifuri. Ina maana limau limekata wanga?*

Marahaba. Hapana, wanga bado upo. Limau lina vitamini C, nayo huondoa rangi ya iodini. Dondosha limau peke yake kwenye iodini utaona inapauka. Tumieni siki.

*Mimi nilitia iodini moja kwa moja kwenye testityubu ya moto, buluu ikatoweka. Niliandika wanga umeisha.*

Ipoze uitazame tena, buluu itarudi. Iodini hujipenyeza ndani ya mzunguko wa mnyororo wa wanga, na joto huitoa humo. Ndiyo sababu tunapima kwenye kigae, tone lipoe kwanza.

*Je, naweza kutumia soda kali ya kutengenezea sabuni badala ya bekingi soda?*

Usitumie. Inaunguza ngozi na macho, halafu alkali kali humeza rangi ya iodini, utapata jibu la uongo kama la limau.

*B yetu imeisha kabla ya dakika 1. Tumekosea wapi?*

Mate ni makali mno. Zimua mililita 1 kwa maji mililita 4, urudie. Watu hutofautiana sana katika nguvu ya mate, kwa hiyo testityubu zote za jaribio moja zitumie mate ya mtu mmoja.

*Kama tindikali huizima amilesi, inakuwaje tunapomeza? Tumboni ni pH 2 hivi.*

Tonge halilowi lote mara moja. Katikati yake amilesi huendelea kukata hadi tindikali ipenye. Huko tumboni pepsini, inayokata protini, ndiyo iko nyumbani kwenye pH hiyo hiyo ya 2. Wanga uliobaki hukatwa kwenye utumbo mwembamba na amilesi nyingine inayotoka kongosho, baada ya tindikali kupunguzwa makali.