Kupanga bei ya opsheni ya kuuza ya Kimarekani kwa mti wa hatua mbili

Mpwa wangu anasomea mambo ya fedha hapa Kampala, na juzi aliniletea swali la kutafuta bei ya opsheni kama hii akiwa na jibu la 54.42. Hesabu zake zote zilikuwa sawa, isipokuwa alikagua haki ya kuuza mapema mahali pamoja tu, mwanzoni mwa mti, yaani mchoro wa njia ambazo bei ya hisa inaweza kupita. Wengi hukwama hapohapo, kwa hiyo nitapaeleza kwa kirefu.

Tuchukue hisa ya mfano, isiyotoa gawio, yenye bei ya shilingi 1,000 leo. Opsheni inakupa haki ya kuiuza kwa shilingi 1,050 wakati wowote ndani ya mwaka mmoja. Tunaugawa mwaka katika hatua mbili za miezi sita. Kila hatua bei inapanda kwa asilimia 20 au inashuka kwa asilimia 10. Fedha isiyo na hatari, mfano wa dhamana za siku 182 ambazo Benki Kuu ya Uganda huzinadi, tuseme inazaa asilimia 5 kwa miezi hiyo sita. Usiingize riba ya mwaka mzima kwenye hatua ya nusu mwaka. Mti wote utaharibika na hutaona dalili yoyote.

Hatua ya 1: bei za hisa. Baada ya miezi sita ni 1,200 au 900. Mwisho wa mwaka ni 1,440, 1,080 au 810.

Hatua ya 2: uzito wa kupanda.

```
p = (1.05 - 0.9) / (1.2 - 0.9) = 0.5
```

Huu si utabiri wa soko. Ni uzito unaofanya hisa yenyewe ikue kwa asilimia 5 kama dhamana. Ukipata p iliyo chini ya 0 au zaidi ya 1, rudi ukague riba yako.

Hatua ya 3: mwisho wa mwaka. Kwenye 1,440 na 1,080 opsheni haina thamani. Kwenye 810 inalipa 240.

Hatua ya 4: rudi nyuma, ukikagua kila kifundo, yaani kila bei iliyo kwenye mti. Kwenye 1,200 matawi yote mawili yanaishia 0, na hakuna anayeuza kwa 1,050 kitu chenye bei ya 1,200. Thamani ni 0.

Sasa njoo kwenye 900. Ukingoja, unapata nusu ya 240 ikigawanywa kwa 1.05, yaani 114.29. Ukiuza hapohapo, unapata 1,050 kutoa 900, yaani 150. Andika 150, ufute 114.29 kabisa. Namba inayosafiri kwenda nyuma ni hiyo 150. Kosa la kawaida ni kuiacha 114.29 iendelee mpaka mwanzo, kisha kuilinganisha na kuuza leo huko mwanzoni peke yake. Hapo ndipo 54.42 inapotoka, na hiyo ni bei ya opsheni ya Kiulaya, isiyoruhusu kuuza kabla ya siku ya mwisho.

Kwa nini kuuza kunashinda? Ukingoja, hizo 1,050 utazipokea baada ya miezi sita, na kwenye kifundo hiki zina thamani ya 1,000 tu. Umepoteza 50. Unachopata kwa kungoja ni kinga: bei ikipanda hadi 1,080, hutakuwa umeuza kwa 1,050, umeokoa 30. Nusu ya 30 ikigawanywa kwa 1.05 ni 14.29. Toa 14.29 kwenye 50, unabaki na 35.71, na hiyo ndiyo tofauti kamili kati ya 150 na 114.29. Mimi hukagua kila kifundo kwa njia hii. Namba zisipokutana, kuna kosa mahali.

Hatua ya 5: mwanzo. Nusu ya 150 ikigawanywa kwa 1.05 ni 71.43. Kuuza leo kungelipa 50. Bei ni 71.43, na haki ya kuuza mapema peke yake ina thamani ya 17.01.

Kwenye Excel, weka 1,050 kwenye B1, 1.05 kwenye B2 na p kwenye B3. Kama bei ya hisa iko C6, na thamani za opsheni za hatua inayofuata ziko E5 (juu) na E6 (chini):

```
=MAX($B$1-C6, ($B$3*E5+(1-$B$3)*E6)/$B$2)
```

Fomula hiihii iingie kwenye vifundo vyote kabla ya mwisho, na cha mwanzo kimo. Napendelea ufanye kwanza kwa kalamu, kwa sababu Excel haikuonyeshi ni upande upi wa MAX ulioshinda.

Ukitaka kuona kwa nini hata kifundo cha mwanzo hakirukwi, badilisha 1,050 iwe 1,100. Mwisho wa mwaka opsheni inalipa 0, 20 na 290. Kwenye 1,200 kungoja kuna thamani ya 9.52; kwenye 900 kuuza kunalipa 200. Mwanzoni, kungoja kunatoa 99.77, na kuuza leo kunatoa 100. Bei ni 100, na kwa mti huu mwenye opsheni anauza siku hiyohiyo. Tofauti ya senti 23 ni ndogo mno kuamulia biashara halisi kwa mti wa hatua mbili. Hapo ongeza hatua kwanza, ukirekebisha kupanda, kushuka na riba vilingane na urefu wa hatua mpya.