Miezi imeruka kwenye taarifa yako ya NSSF? Namna ya kuomba michango itafutwe na iingizwe

Mwongozo huu ni wa mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara ambaye salari slipu zake zinaonyesha makato ya NSSF kila mwezi, lakini taarifa ya michango ina mapengo. Wengi hukimbilia kuandika barua yenye mstari mmoja: "Naomba michango yangu iliyopotea." Barua ya namna hiyo hukaa mezani, maana pengo lina aina zake, na kila aina inashughulikiwa kivyake. Ofisa akikuta umeshazitenganisha, kazi yake inakuwa nusu.

Hatua ya 1: Pata taarifa kamili na uisome kwa safu mbili

Omba taarifa ya michango ya miaka yote, si salio tu. Salio halikuambii kitu. Angalia safu ya mwezi wa mchango na safu ya tarehe ya malipo, kwani hapo ndipo siri nyingi zinapokaa. Mwajiri ana mwezi mmoja baada ya mwezi husika kwisha ili alipe, kwa hiyo mchango wa Machi kutoonekana katikati ya Aprili si kosa bado.

Hatua ya 2: Pigia hesabu mwezi kwa mwezi

Mchango ni asilimia 20 ya mshahara. Mwajiri anaruhusiwa kukukata hadi asilimia 10, naye anajazia iliyobaki. Lakini mbele ya Mfuko, anayedaiwa asilimia 20 zote ni yeye.

Tuchukue mtunza ghala wa Tabata anayelipwa shilingi 600,000. Kila mwezi anakatwa 60,000, na taarifa inapaswa kuonyesha 120,000. Taarifa yake ya mwaka 2023 inasomeka hivi: Januari hadi Aprili, 120,000 kila mwezi. Mei, Juni na Julai hakuna kitu. Agosti kuna 480,000. Septemba 120,000. Oktoba, Novemba na Desemba ni tupu.

Kwa haraka haraka utasema miezi sita imepotea. Ukijumlisha unapata 1,080,000 kati ya 1,440,000 zilizotakiwa, yaani pesa iliyopungua ni 360,000, ya miezi mitatu tu. Ile 480,000 ya Agosti ni michango ya miezi minne iliyolipwa kwa mkupuo na kubandikwa kwenye mwezi mmoja.

Usiseme "basi pesa ipo, yatosha." Pensheni ya uzee inadai miezi 180 ya kuchangia, na fao la kukosa ajira linadai miezi 18. Kinachohesabiwa hapo ni miezi. Huyu bwana amechangia miezi tisa, na taarifa inamhesabia sita.

Hatua ya 3: Jua kila pengo ni la aina gani

Mei hadi Julai tumeshajua: pesa imefika, miezi imekosewa. Kwa Oktoba, muulize mwenzako mliyekuwa naye kwenye orodha ileile ya mishahara. Kama yeye Oktoba yake ipo, mwajiri alilipa, ila jina lako liliachwa kwenye orodha ya michango au namba yako ya uanachama ilikosewa tarakimu. Namba inayoishia 47 ikiandikwa 74, mchango unaweza kuangukia kwa mtu mwingine kabisa au kubaki bila mwenyewe. Kama Novemba na Desemba hazipo kwa wafanyakazi wote, mwajiri hajalipa.

Kuna aina ya nne: kuwa na namba mbili. Mwajiri wa kwanza alikusajili, wa pili naye akakusajili upya badala ya kuuliza namba yako, pengine kwa jina lililokosewa herufi. Mapengo ya hivi huanza au kuishia siku ile uliyobadilisha kazi. Dawa yake ni kuomba namba ziunganishwe, na hakikisha kwanza majina yako NSSF yanafanana na ya kitambulisho cha NIDA.

Hatua ya 4: Muulize mwajiri kabla ya kupanda ngazi

Nenda kwa mhasibu au ofisa rasilimali watu uombe vitu viwili kwa kila mwezi wenye utata: uthibitisho wa malipo wenye namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, na ukurasa wa orodha ya michango wenye jina lako. Stakabadhi bila orodha inathibitisha kwamba kampuni imelipa, haithibitishi kwamba imekulipia wewe. Wakikuzungusha, endelea na hatua inayofuata. Mfuko una mamlaka ya kukagua vitabu vyao.

Hatua ya 5: Andika barua inayotenganisha mapengo

Ielekeze kwa meneja wa ofisi ya NSSF inayomhudumia mwajiri wako. Kama kampuni inalipia michango Dar es Salaam na wewe uko Mwanza, peleka kwenye ofisi iliyo karibu nawe ila utaje wazi mahali michango inakolipiwa. Kiini cha barua kiwe kama hivi:

> Mimi ni mwanachama namba ………, niliajiriwa na ……… (namba ya mwajiri ………) tangu ……… Naomba: (1) shilingi 480,000 zilizoingizwa Agosti 2023 zigawanywe katika Mei, Juni, Julai na Agosti, 120,000 kila mwezi; (2) mchango wangu wa Oktoba 2023 utafutwe katika malipo ya mwajiri ya mwezi huo, kwa kuwa michango ya wenzangu imeingia; (3) mwajiri afuatiliwe alipe Novemba na Desemba 2023, ambazo nilikatwa 60,000 kila mwezi.

Ambatisha nakala za salari slipu za miezi inayodaiwa pamoja na mwezi mmoja ulioingia sawasawa, mkataba wa ajira, kitambulisho na taarifa yenyewe ukiwa umezungushia mapengo kwa kalamu. Kama hukupewa salari slipu, taarifa ya benki inayoonyesha mshahara uliobaki baada ya makato inasaidia, ingawa peke yake ni dhaifu.

Chapisha nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, ukirudi baada ya mwezi utaambiwa barua haionekani, na huna la kujibu.

Hatua ya 6: Fuatilia kwa mtu sahihi

Ombi la kwanza na la pili ni kazi ya kumbukumbu za wanachama. La tatu ni la ofisa matekelezo, ambaye ndiye huwafuata waajiri wadaiwa. Uliza jina la anayeshika faili la mwajiri wako, kisha rudi kwake huyohuyo.

Marekebisho ya miezi huenda haraka kuliko deni. Salari slipu inathibitisha kwamba unadai, lakini kwa kawaida pesa haingii kwenye akaunti yako mpaka mwajiri ailipe. Akisuasua Mfuko unaweza kumfikisha mahakamani, na hapo muda unarefuka. Kama umeachishwa kazi na una mgogoro mwingine naye, kumbuka barua ya NSSF haisimamishi siku za kufungua shauri CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: 30 kwa kuachishwa kazi, 60 kwa madai mengine.

Ukiambiwa tayari, chukua taarifa mpya uilinganishe na ya zamani. Kwa mtunza ghala wetu, Agosti inatakiwa ishuke kutoka 480,000 hadi 120,000. Ikibaki vilevile huku Mei hadi Julai zimejazwa, kuna aliyeongeza badala ya kugawa. Sema mapema, kwani wakati wa kuchakata mafao hesabu hiyo itakataa na faili lako litarudishwa nyuma.