Somo: Kuandika upya hadidu za rejea za mshauri elekezi

Tuchukue mfano wa tathmini ya mwisho ya mradi wa visima vijijini. Hadidu zinasema: "Mshauri atawasilisha ripoti bora ndani ya siku 30, akishirikiana kwa karibu na uongozi wa shirika." Ubora huo haujapewa kipimo, siku hazina mwanzo, na uongozi ni watu wengi.

Hatua ya 1: Taja kitu kinachokabidhiwa. Andika: "Ripoti kwa Kiswahili, isiyozidi kurasa 40 bila viambatisho, inayojibu maswali yote 6 ya tathmini, pamoja na faili la takwimu ghafi." Kila kitu kiwe na mtu wa kukipokea na kigezo cha kukikubali. Malipo yafungwe kwenye kukubaliwa. Yakifungwa kwenye kuwasilishwa, mtadaiwa hata kwa rasimu isiyokamilika.

Hatua ya 2: Hesabu siku, zikiwemo zenu. Hapa ndipo hadidu nyingi huharibika. Siku za kazi mnazomlipa mshauri ni kitu kimoja, siku za kalenda ni kingine, ziandikeni mbalimbali. Msiweke tarehe kamili, maana mkataba ukichelewa kusainiwa ratiba nzima inakufa. Hesabuni kuanzia siku ya kusaini, kwa siku za kalenda: ripoti ya awali siku ya 7, maoni yenu siku ya 12, kazi ya uwandani hadi siku ya 24, rasimu siku ya 34, maoni yenu siku ya 41, ripoti ya mwisho siku ya 46. Zile 30 hazikutosha, tena muda wenu wa kusoma haukuhesabiwa. Ongezeni sentensi hii: "Maoni yakichelewa, tarehe zinazofuata zitasogezwa kwa idadi hiyohiyo ya siku."

Hatua ya 3: Cheo kimoja. "Mshauri ataripoti kwa Meneja wa Mradi, ambaye ndiye pekee atakayetuma maoni, yakiwa yameunganishwa katika waraka mmoja, si zaidi ya mara mbili kwa kila rasimu." Tajeni cheo badala ya jina, kwani mtu huweza kuhama kazi inaendelea.

Maswali ya wanachama

*Mfadhili wetu naye anataka kutoa maoni. Tumweke wapi?*

Ndani ya zile siku 7 za kusoma rasimu, na maoni yake yapitie kwa Meneja. Akimwandikia mshauri moja kwa moja, mshauri atabaki na maagizo mawili yanayopingana bila kujua afuate lipi. Kama siku 7 hazimtoshi, zirefusheni kabla ya kutangaza kazi.

*Mkataba umeshasainiwa na hadidu ndizo zile za zamani. Barua pepe inatosha kuzirekebisha?*

Msiitegemee. Hadidu kwa kawaida ni kiambatisho cha mkataba, kwa hiyo someni kwanza kifungu cha mabadiliko. Njia salama ni nyongeza ya mkataba iliyosainiwa na pande zote mbili, ikisema wazi ni aya ipi inafutwa na ipi inachukua nafasi yake. Msipoifuta ile ya zamani, zote mbili zitakuwa hai, na kila upande utashika inayoufaa.